Shangazi alisaini mkataba wa kutumia jina la kampuni. Juzi kasomewa upya, na kuna ada hakuzijua

Mtoto_wa_Kaka

Wakuu, wakubwa shikamooni, wa rika langu salaam. Shangazi mwenyewe ameniruhusu niandike, kwa sharti kwamba jina la kampuni lisitajwe. Ni ndefu kidogo, mnivumilie.

Shangazi ameuza vipodozi miaka kumi na mitatu kwenye duka lake mwenyewe. Mwaka jana alifuatwa na kijana wa kampuni yenye maduka mengi ya jina moja, yale ambayo ukiingia hili au lile unakuta ubao uleule, rangi ileile na sare ileile. Akaambiwa, mama, geuza duka lako liwe la kwetu. Unabaki kuwa mwenye duka, jina unatumia letu, mafunzo tunakupa, bidhaa tunakuletea. Unalipa ada ya kujiunga mara moja, halafu asilimia sita tu.

Hiyo "asilimia sita" shangazi akaibeba hivyohivyo hadi nyumbani. Alituambia, "Nikipata faida ya mia, wao sita, mimi tisini na nne." Hakuna aliyemuuliza sita ya nini. Mimi nilikuwepo na sikuuliza, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kilichotuchanganya ni kwamba mauzo yalipanda kweli. Kila nilipopita niliona watu kwenye kaunta. Lakini mwezi wa nane alikuja kwangu kukopa fedha ya kulipa wasichana wake wawili wa dukani. Mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kuchelewesha mshahara wa mtu. Mke wangu ni mhasibu. Hakusema neno, akamwambia tu, "Shangazi, kesho njoo na mkataba, na daftari la mwezi mmoja."

Kesho yake akaja na faili. Mke wangu akaanza na daftari, si mkataba. Akasema, "Tufanye mwezi huu umeuza mia. Sahau tarakimu zenyewe, kila kitu tukipime kwa hiyo mia." Bidhaa zilikula 62. Pango 9. Wasichana wawili 10. Umeme, usafiri na vidogovidogo 5. Zikabaki 14.

"Hiyo ndiyo faida yangu," shangazi akasema. "Wakichukua sita kwa mia ya hiyo, hata moja haifiki."

Mke wangu akafungua ukurasa wa mrabaha, yaani malipo ya kutumia jina lao, akasoma polepole: mwenye duka atalipa asilimia sita ya Mauzo Ghafi. Akaweka kidole pale. "Unaona herufi hizi kubwa, M na G? Kwenye mkataba, neno likiandikwa hivi maana yake limeelezwa mahali pengine. Usilisome kwa maana unayoijua wewe. Litafute." Likapatikana ukurasa wa tatu: fedha yote inayopokelewa au inayostahili kupokelewa dukani, kabla ya kutoa gharama yoyote.

Kwa hiyo sita inatoka kwenye mia, haitoki kwenye kumi na nne.

Akaendelea. Mfuko wa matangazo, asilimia tatu, nayo ya mauzo ghafi. Halafu kifungu kifupi sana kwamba mwenye duka atalipa "ada nyingine kama zilivyo katika Kitabu cha Mwongozo". Shangazi akasema kitabu hicho alipewa siku ya mafunzo, wiki mbili baada ya kusaini, na alidhani ni cha kupanga rafu na kuvaa sare. Tukakifungua. Mle ndani kuna ada ya kila mwezi ya mashine ya kaunta na mfumo wake, ambayo kwa mauzo yake inafika 1.

Nakumbuka shangazi alivyohesabu kwa vidole. Sita, tatu, moja. Kumi. Kati ya kumi na nne.

Akakaa kimya, halafu akauliza, "Na mimi ninayefungua saa moja asubuhi na kufunga saa tatu usiku, mshahara wangu uko wapi humu?" Mke wangu akamwambia ukweli. Haumo. Hiyo nne iliyobaki ndiyo mshahara wake, na ndiyo faida yake, na ndiyo akiba yake.

Mkataba ni wa miaka mitano, ametumikia miezi minane. Naomba wanaojua mambo haya watuambie pa kuanzia.

---

Fremu_Mpya

Mkuu, mimi nina fremu nzuri barabarani na natafuta jina kubwa la kulitumia. Mauzo umesema yamepanda. Naomba unitumie mawasiliano ya hiyo kampuni.

---

Mtoto_wa_Kaka

Ndugu yangu, sikatai jina linaleta wateja, hilo ni kweli tupu. Lakini rudi usome sehemu ya hesabu. Mauzo yalipanda, kilichobaki mkononi kikapungua. Jina la kampuni nimeahidi kutolitaja.

---

Msema_Haki

Hapa hakuna kesi ngumu. Mkataba ambao mtu hakuelewa haumfungi. Sheria inasema maneno yenye utata yanasomwa dhidi ya aliyeyaandika. Aache kulipa kuanzia mwezi huu, wakija waende mahakamani.

---

Mhuri_na_Wino

Nimefanya kazi ya kusoma mikataba ya aina hii kwa muda mrefu, mara nyingi upande wa wenye maduka. Naomba shangazi asifuate ushauri wa hapo juu kabla hajanisoma.

Msema_Haki, ulichosema kina kipande cha ukweli. Neno lenye maana mbili husomwa dhidi ya aliyeliandika. Lakini "mauzo ghafi" kwenye mkataba huu halina maana mbili, limeelezwa wazi ukurasa wa tatu. Kutolisoma si sawa na kuwa na utata. Kwa kawaida anayesaini anahesabiwa kwamba amesoma.

Na akiacha kulipa ndiyo anawapa wao nafasi. Mikataba hii karibu yote ina kifungu kwamba mwenye duka akikosa kulipa, akapewa notisi na asirekebishe, mkataba unavunjwa kwa kosa lake. Hapo anaweza kudaiwa fidia inayokokotolewa kwa mrabaha wa miezi iliyobaki. Miezi minane imepita kati ya sitini, imebaki hamsini na miwili. Shangazi atafute pia kama alisaini dhamana binafsi, mara nyingi iko karatasi ya peke yake mwishoni. Kama ipo, deni la duka linaweza kumfuata hadi mali yake ya nyumbani.

Kwa hiyo kwanza alipe, na amwandikie mwenye chapa, yaani hiyo kampuni, kwamba analipa huku akiwa na malalamiko. Wakati huohuo mke wako arudi ukurasa ule wa tatu aangalie kilichotolewa kwenye mauzo ghafi. Nina maana ya vitu vitatu: kodi ya mauzo, bidhaa zilizorudishwa, na punguzo la bei. Kodi ya mauzo si fedha yake, anaikusanyia serikali tu. Kama haikutolewa, na tuseme kodi ni 18 juu ya kila 100, basi anapiga sita kwenye 118, inakuwa 7.08. Na kama bidhaa iliyorudishwa haijatolewa, mteja anarudishiwa fedha yake yote na shangazi bado analipa mrabaha wa mauzo ambayo hayapo.

Jambo la pili ni kiwango cha chini. Tafuta maneno "asilimia sita au kiasi fulani, chochote kilicho kikubwa".

---

Wa_Ghalani

Mimi yangu ilikuwa ya kufulia nguo, si vipodozi, lakini naona njia ni ileile. Ada za mwezi nilizijua. Kilichonimaliza ni ukarabati. Mwaka wa nne ikaja barua kwamba muonekano wa maduka unabadilika nchi nzima, ubao mpya, kaunta mpya, taa mpya, na fundi ni yule waliyemchagua wao. Nikauliza kwa nini sikuambiwa, nikaonyeshwa kifungu: mwenye duka atafanya ukarabati kwa viwango vitakavyotolewa. Hakuna kiasi, hakuna kikomo. Nikaamua kuuza. Kumbe kuuza nako kuna ada ya uhamisho, na mnunuzi lazima akubaliwe nao kwanza. Wawili nilioleta walikataliwa.

Nisamehe kama naongezea mzigo. Laiti mtu angeniambia mapema.

---

Mtoto_wa_Kaka

Wa_Ghalani, pole sana. Kifungu cha ukarabati kipo hata kwetu, tumekiangalia jana usiku baada ya kukusoma. Hakina kikomo.

Mhuri, mke wangu ameangalia. Kodi imetolewa, nashukuru Mungu. Bidhaa zilizorudishwa hazikutajwa. Na kiwango cha chini kipo, maneno ni hayohayo uliyoyaandika. Kiasi walichoweka ni sawa na sita ya ile mia yetu.

Akampigia shangazi hesabu ya mwezi mbaya, mauzo yakishuka hadi 70. Naiweka hapa kwa sababu nadhani ndiyo iliyomfungua macho kuliko yote. Bidhaa zinashuka pamoja na mauzo, zinakuwa 43.4. Pango halishuki, 9. Wasichana 10. Vidogovidogo 5. Imebaki 2.6. Sasa wanaingia wao: mrabaha ungekuwa 4.2, lakini kwa sababu ya kiwango cha chini unabaki 6. Mfuko wa matangazo 2.1. Mashine 1. Jumla 9.1 kutoka kwenye 2.6. Ana upungufu wa 6.5 mwezi mmoja, wakati mwezi mzuri unampa 4.

Na huo mwezi mbaya haukuwa wa kufikirika. Ndio mwezi wa nane aliokuja kwangu kukopa.

---

Nilikuwa_Makao_Makuu

Nilifanya kazi miaka mitatu upande wa pili, kampuni tofauti na hiyo nadhani, idara ya kutafuta wenye maduka. Nataka kusema mawili.

La kwanza ni kuhusu yule kijana. Inawezekana kabisa hakudanganya kwa makusudi. Sisi tulipewa karatasi ya kurasa mbili ya kuuzia, na juu imeandikwa asilimia. Mkataba wenyewe sikuwahi kuusoma mwaka wangu wote wa kwanza. Nililipwa kwa idadi ya waliosaini.

La pili hamjaligusa. Mmeandika bidhaa 62 kana kwamba ni bei ya soko tu. Je, shangazi anaruhusiwa kununua popote, au kwa msambazaji waliyemtaja? Kama ni kwa waliyemtaja, humo ndani kunaweza kuwa na ada ambayo haiitwi ada. Msambazaji anauza kwa bei ya juu kidogo, halafu anamrudishia mwenye chapa fungu kwa kila mzigo. Kwetu fedha hiyo ilikuwa kubwa, na wenye maduka hawakuiona kwenye karatasi yoyote.

Jinsi ya kujua: achukue bidhaa tano zinazotoka haraka, zenye nembo na ujazo uleule, aulize bei kwa wauzaji wawili wa jumla wa nje, kwa idadi ileile anayonunua yeye, usafiri ukiwemo. Asilinganishe bidhaa moja tu, kwa sababu moja inaweza kuwa rahisi kwao ili kufunika nyingine.

---

Msema_Haki

Sawa, la kuacha kulipa nimerudisha nyuma. Lakini Mhuri, yule kijana alisema "asilimia sita tu". Alificha tatu, akaficha mashine, akaficha kiwango cha chini. Huo si udanganyifu? Mtu ameingia mkatabani kwa kauli ya uongo.

---

Mhuri_na_Wino

Hapo sasa umegusa mahali penye nguvu kuliko mwanzo. Kauli isiyo ya kweli iliyomfanya mtu asaini inaweza kuutikisa mkataba, na ukimya kuhusu ada nyingine baada ya kusema "tu" unaweza kuhesabika. Lakini kuna vikwazo viwili. Lazima ionekane ilisemwa. Na mikataba mingi ina kifungu kwamba maandishi haya ndiyo makubaliano yote, kwamba hakuna kauli nyingine aliyoitegemea mwenye duka. Kifungu hicho hakifuti kila kitu, mahakama nyingine hazikiachi kifunike udanganyifu, ila kinampa shangazi mlima wa kupanda. Sitasema atashinda.

Kwa hiyo simu yake ni muhimu. Ujumbe wa yule kijana, sauti, zile kurasa mbili kama alimtumia. Asifute, asibadilishe simu.

Kuhusu alipo, itategemea sheria ya kwao. Afrika Kusini, sheria ya kulinda walaji ya mwaka 2008 inampa anayeingia mkataba wa namna hii siku 10 za kazi baada ya kusaini abadili mawazo bila adhabu. Marekani, mwenye chapa anatakiwa kumpa mtu waraka wa maelezo angalau siku 14 kabla hajasaini au hajalipa, na ndani yake ada zinazojirudia na za mara mojamoja zimewekwa kwenye jedwali moja, zikiwemo za mafunzo, uhamisho na ukaguzi. Zipo nchi nyingi zisizo na sheria maalumu ya mikataba hii, unabaki na sheria ya kawaida ya mikataba. Hata pasipo na sheria, hakuna kinachokuzuia kudai jedwali kama hilo kabla ya kusaini. Wakikataa kukupa, umeshapata jibu la swali lako.

---

Fremu_Mpya

Nimerudi kusoma yote kama ulivyonishauri. Nina mkataba wa rasimu mezani kutoka kampuni nyingine kabisa. Nimefungua sasa hivi. Umeandikwa "kama zilivyo katika mwongozo, ambao unaweza kubadilishwa mara kwa mara". Mwongozo sijapewa.

---

Mhuri_na_Wino

Usisaini mpaka uwe nao mkononi. Na uombe kiongezwe kifungu kwamba mabadiliko ya mwongozo hayawezi kuleta ada mpya wala kupandisha ya zamani zaidi ya kiwango mlichokubaliana. Kabla ya sahihi wanaweza kukusikiliza. Baada yake unaomba hisani.

---

Mtoto_wa_Kaka

Wakuu, marejesho, wiki tatu zimepita.

Tulifanya kama alivyosema Nilikuwa_Makao_Makuu. Bidhaa tano, wauzaji wawili. Mbili bei zilikaribiana, moja ya msambazaji wao ilikuwa nafuu, mbili zilizidi sana, na hizo mbili ndizo anazouza zaidi. Mke wangu anakadiria mzigo wa 62 ungekuwa 58 hivi kama angenunua huru. Mkataba unamkataza. Kama kuna fungu linalorudi kwa mwenye chapa hatujui, tumeuliza kwa barua, hawajajibu hilo.

Kikao na kampuni kilifanyika. Shangazi alikwenda na mke wangu, na jedwali la hesabu zetu la ukurasa mmoja. Alikuwa mtulivu kuliko nilivyotegemea. Hakuwaambia wamemdanganya. Aliwauliza tu, "Mwezi wa mauzo sabini, mnataka nikopee wapi ili niwalipe?" Mkuu wao wa maduka aliitazama ile hesabu kwa muda mrefu.

Mrabaha wamekataa kuugusa, na mfuko wa matangazo vilevile. Tuliomba tuone mfuko unavyotumika, wakasema hesabu zake ni za ndani. Waliyokubali ni mawili: bidhaa zilizorudishwa zitolewe kwenye mauzo ghafi, na kiwango cha chini kisitishwe kwa miezi sita. Wametuma barua ya kusaini.

---

Wa_Ghalani

Hicho ni kitu. Mimi sikupata hata kikao. Sisitizeni hesabu za mfuko, mfuko si fedha yao, ni mchango wa maduka yote.

---

Nilikuwa_Makao_Makuu

Inategemea mkataba umeandikaje. Kwetu uliandikwa kwamba fedha ya mfuko inatumika "kwa uamuzi wa mwenye chapa", na sehemu ya mishahara ya idara yetu ililipwa humo. Sikuliona sawa wakati ule na silioni sawa leo, lakini mkataba uliruhusu.

---

Mhuri_na_Wino

Kabla hajasaini hiyo barua, angalieni mambo mawili. Mkataba karibu hakika unasema haubadilishwi ila kwa maandishi yaliyosainiwa na pande zote mbili. Barua ya upande mmoja inaweza kuhesabiwa hisani inayoweza kuondolewa. Iitwe marekebisho ya mkataba, itaje namba za vifungu, wasaini wote. Na isomeni yote hadi mstari wa mwisho. Kuna kitu kingine chochote humo?

---

Mtoto_wa_Kaka

Kipo. Aya ya mwisho. Naiandika kama ilivyo: "Mwenye duka anathibitisha kwamba ada zote alielezwa kikamilifu kabla ya kusaini mkataba, na kwamba hana dai lolote dhidi ya kampuni."

---

Mhuri_na_Wino

Asisaini aya hiyo. Miezi sita ya nafuu wanainunua kwa dai lake lote, lile la kauli ya kijana. Na juu ya hayo si kweli, hakuelezwa. Akate aya hiyo, aweke sahihi ndogo pembeni ya alipokata, awarudishie, na nakala abaki nayo. Wanaweza kukataa. Wakikataa, apate wakili wa hapo alipo akae naye ana kwa ana, mimi hapa sioni karatasi zote.

---

Mtoto_wa_Kaka

Nimemsomea kwa simu. Ameniomba nirudie ile aya mara mbili, halafu akauliza kama "kikamilifu" ina herufi kubwa. Nikamwambia haina. Akasema, "Basi hiyo ni ya maana ninayoijua mimi. Mimi sikuelezwa kikamilifu."

Jioni amekuja, amekata mistari yote miwili kwa rula, ameweka sahihi pembeni. Kesho mke wangu ataipeleka kwa mkono na kugongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala. Mrabaha wa mwezi huu amelipa, na maelezo ya malalamiko yameambatanishwa. Nitarudi wakijibu.